Mwaka mpya wa Kiyahudi ukiangukia Jumamosi: baragumu, tufaha na asali

*Shikamoo Mwalimu. Natoka Mombasa, na sasa niko London namtunza bibi wa Kiyahudi mwenye miaka 89. Nalala hapo hapo kwake. Mwaka wao mpya juzi ulikuwa Oktoba, mwaka jana mwishoni mwa Septemba, na mwaka huu wa 2026 naambiwa unaingia jioni ya Septemba 11. Bibi ana huzuni. Anasema siku ya kwanza pembe haitapigwa kwa kuwa ni Jumamosi, na siku ya pili hawezi tena kutembea hadi sinagogi. Naweza kumwekea sauti ya pembe kwenye simu? Binti yake ameniachia kununua tufaha na asali, lakini bibi ana kisukari. Na nimwamkie vipi?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na simu, maana hapo ndipo nia njema inaweza kumkera bibi badala ya kumfurahisha. Kwa Wayahudi wanaoshika sheria, siku mbili za mwaka mpya, ziitwazo Rosh Hashana, ni siku za kupumzika na kazi, na vyombo vya umeme haviwashwi wala kuzimwa. Halafu kuna jambo la pili, zito zaidi. Amri yenyewe ni kuisikia sauti ya pembe, na lazima iwe sauti ya pembe yenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika wapata mwaka 200, inauliza: mtu akipiga pembe ndani ya kisima, aliyesimama juu ametimiza wajibu wake? Jibu ni kwamba akiisikia pembe, ametimiza. Akisikia mwangwi wake tu, hakutimiza. Kutokana na kanuni hiyo ya kisima, marabi wengi wa leo wanasema sauti inayopita kwenye spika au simu haihesabiki, hata ikiwa inapigwa wakati huo huo mahali pengine.

Lakini kuna njia, na ni ya kawaida kabisa. Sinagogi nyingi huwa na watu wanaozunguka na pembe kwenye nyumba za wazee, wagonjwa na akina mama waliojifungua. Mwambie binti apige simu ofisi ya sinagogi la mama yake mapema wiki hiyo, asingoje Ijumaa mchana. Aombe mtu aje Jumapili, Septemba 13. Pembe hupigwa wakati wowote wa mchana, toka jua linapochomoza hadi linapokuchwa, kwa hiyo mpigaji akimaliza ibada saa saba au saa nane bado ana nafasi ya kutosha kufika kwenu kwa miguu. Atapiga sauti 30, jambo la dakika chache. Kama bibi anavaa kifaa cha kusaidia masikio, binti amuulize rabi mapema pia: kifaa hicho nacho ni kipaza sauti kidogo, na huenda rabi akataka mpigaji asimame karibu naye na bibi akivue kwa dakika hizo. Hilo si la kuamuliwa na mimi wala wewe.

Sasa ujue bibi anangoja nini. Pembe yenyewe inaitwa shofari. Biblia zetu za Kiswahili huandika tarumbeta pale panapotajwa sikukuu hii katika Hesabu 29, na wengi hudhani ni tarumbeta ya shaba kama ya bendi ya polisi. Sivyo. Baragumu ndilo neno lililo karibu zaidi. Ni pembe ya kondoo dume iliyotolewa mfupa wake wa ndani kwa moto na kutobolewa kwenye ncha. Haina kipande cha mdomoni wala vitundu vya kubadilisha sauti. Wayahudi wa Yemeni hutumia pembe ndefu ya mizunguko ya tandala, mnyama wetu wa huku. Wewe mtu wa Pwani utaikumbuka siwa ya Lamu, ila siwa hupulizwa ubavuni na shofari hupulizwa nchani. Pembe ya ng’ombe hairuhusiwi, na moja ya sababu zinazotolewa ni kwamba inakumbusha ndama wa dhahabu wa jangwani: wanasema mshtaki hawezi kugeuka akawa mtetezi.

Utasikia sauti za aina tatu. Tekia ni mlio mmoja mrefu ulionyooka. Shevarimu ni milio mitatu ya wastani iliyokatika, kama mtu anayegumia. Terua ni mifyatuko mifupi, tisa au zaidi, kama kwikwi za kilio. Kwa nini ziwe mbili za kulia? Torati inaamuru terua tu, bila kueleza inavyosikika. Tafsiri ya kale ya Kiaramu iliiita yevava, yaani kulia, na wanazuoni wakalinganisha na neno hilo hilo katika habari ya mama yake Sisera, jemadari aliyeuawa, alipokuwa dirishani akimngoja mwanawe asiyerudi. Wakakubaliana kuwa ni kilio. Ila kilio gani: kugumia au kulia kwa kwikwi? Rabi Abahu wa Kaisaria, wapata mwaka 300, akapanga mfululizo unaoziba mashaka yote. Kwanza tekia, shevarimu na terua pamoja, kisha tekia, ndilo fungu la kwanza. La pili lina shevarimu peke yake katikati ya tekia mbili, na la tatu lina terua peke yake. La kwanza lina sauti 4, la pili 3, la tatu 3. Kila fungu hurudiwa mara tatu, unapata 12, 9 na 9, ndizo zile 30. Katika sinagogi zinaendelea ndani ya sala ndefu mpaka zifike 100 kwa desturi ya wengi.

Mpigaji akikwama, usishtuke, na bibi hatashtuka. Pembe haina nota, na midomo huchoka. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema sauti zote za shofari zinafaa, ikiwa nyembamba, nzito au kavu. Isiyofaa ni pembe yenye ufa wa kwenda na urefu wake.

Basi kwa nini Jumamosi ikae kimya? Watu wengi hudhani kupiga pembe ni kazi, na kazi haifanywi Sabato. Talmudi yenyewe inakataa maelezo hayo: kupiga pembe ni ufundi, si kazi. Sababu inayotolewa na Raba, mwalimu wa Babeli wa karne ya 3 na ya 4, ni ya watu wanaojua watu walivyo. Kila mtu ana wajibu wa pembe, lakini si kila mtu anajua kuipiga. Atakayekuwa na wasiwasi ataichukua mkononi, atoke nayo njiani kumwendea fundi amfundishe, na kubeba kitu njiani siku ya Sabato kumekatazwa. Hivyo wakaizuia pembe nzima ili huyo mmoja asikosee. Zamani Hekaluni Yerusalemu ilipigwa hata Sabato. Baada ya Hekalu kuharibiwa mwaka 70, Yohanani mwana wa Zakai aliruhusu ipigwe palipokuwa na baraza la wanazuoni. Leo Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za kale, hawapigi kabisa Jumamosi, ila baadhi ya sinagogi za Reform na za Kiliberali hupiga. Ukisikia jirani amesikia pembe siku hiyo, usimwambie bibi kwamba rabi wake amekosea.

Siku hiyo ya kimya ina uzuri wake mdogo. Katika sala, maneno “siku ya terua” hubadilishwa yakawa “ukumbusho wa terua”, kama ilivyoandikwa Walawi 23. Bibi akisoma kitabu chake cha sala Jumamosi asubuhi, anaitaja pembe isiyolia. Ukimkuta kwenye ukurasa huo, mwache kwanza; chai inaweza kungoja.

Kuhusu tarehe, wewe umelelewa na kalenda ya Hijria pembeni kwa hiyo nusu ya hesabu unayo. Miezi ya Wayahudi nayo ni ya mwandamo, na miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu hawaongezi kitu, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi hawana nafasi hiyo, kwa sababu Torati inataka Pasaka iwe wakati wa machipuko. Hivyo huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Tazama ilivyokwenda: 2024 siku ya kwanza ilikuwa Oktoba 3, 2025 ikarudi Septemba 23, 2026 imerudi tena Septemba 12. Mwaka unaoingia, 5787, una miezi 13, kwa hiyo unaofuata utaruka mbele hadi Oktoba 2, 2027. Daima inabaki katika majira ambayo majani hupukutika huko Ulaya. Wengine huyaita vuli, ila kwetu vuli ni mvua, kwa hiyo usichanganye.

Kalenda hiyo imewekewa pia kizuizi: siku ya kwanza haiwezi kuwa Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ingekuwa Jumatano au Ijumaa, siku ya mfungo mkuu wa kafara inayofuata baada ya siku tisa ingegusana na Sabato, na watu wangekaa siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika. Jumamosi haikuzuiwa. Na kama unashangaa kwamba mwaka unaanza mwezi wa saba, fikiria serikali za Kenya na Tanzania zinavyoanza mwaka wa fedha Julai bila mtu kusema Julai ni mwezi wa kwanza. Wayahudi huhesabu miezi kuanzia mwezi wa Pasaka, na namba ya mwaka huibadilisha mwezi wa Tishri.

Tuje mezani. Tufaha ninalosema ni lile la baridi la dukani, si tofaa letu jekundu la Pwani. Chagua tamu, si kijani chachu, kwani usiku huo vitu vichachu huepukwa. Asali safi isiyotiwa kitu inakubalika, jambo ambalo huwashangaza watu kwa sababu nyuki mwenyewe haliwi. Wanazuoni walieleza kwamba nyuki hukusanya utamu wa maua na kuuhifadhi, hautoki mwilini mwake kama maziwa yanavyotoka kwa ng’ombe. Asali iliyotiwa ladha au sharubati ni habari nyingine, kwa hiyo tafuta chupa yenye alama ya kosha, yaani halali kwa Wayahudi, ambayo familia inaitambua, au umpigie binti picha ya lebo kabla hujalipa. Kata tufaha kwa kisu cha nyumba hiyo hiyo, kile atakachokuonyesha bibi. Na njugu, lozi na korosho ziache dukani. Ashkenazi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawazili siku hizi: herufi za neno la Kiebrania la njugu zikijumlishwa zinakaribia za neno dhambi, na wengine husema tu kwamba njugu hujaza makohozi na sala ni ndefu. Sababu ya pili mimi naiamini zaidi.

Bibi atabariki tunda, atauma kidogo, kisha ataomba wapewe mwaka mwema na mtamu. Kidogo ndilo neno la kushika. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, na kisukari hakijui sikukuu. Desturi inatimia kwa kipande chembamba kilichoguswa asali kwa ncha. Mkate wa mviringo nao huchovywa asali, na mara nyingi ni mkate wenye zabibu, hivyo ukijumlisha vyote mlo mmoja unaweza kupandisha sukari sana. Muulizeni muuguzi au daktari wake kabla ya Ijumaa kuhusu dozi na saa za kupima, kwa kuwa mlo wa usiku huo huchelewa. Kama bibi hupaliwa akila vitu vigumu, tufaha bichi ni hatari: lichemshe laini Ijumaa mchana. Bado ni tufaha.

Usidhani kila Myahudi anaanza na tufaha. Hiyo ni desturi ya Ashkenazi, iliyoandikwa kuwa ya Ujerumani katika karne ya 14. Talmudi inataja vitu vingine: boga, liki, kiazisukari, tende, na kitu kiitwacho rubia ambacho wengine husema ni uwatu na wengine ni kunde. Wayahudi wa nchi za Kiarabu bado huviweka mezani kimoja kimoja, na kila kimoja kina mchezo wa maneno. Tamari, tende, inasikika kama “waishe”, yaani maadui. Rubia inasikika kama “yaongezeke”, yaani mema yetu. Kwa bibi mwenye kisukari ningeshukuru kuona kunde na liki zikitangulia tende. Kama familia yake ilitoka Baghdadi, Aden au Moroko, muulize. Huenda mezani utakuta vingi unavyovijua tangu kwa mama yako.

Mwaka huu kuna ugumu wa siku zilivyopangana, na wewe ndiwe utakayeuona jikoni. Siku ya kawaida ya sikukuu mtu anaweza kupika kwa moto uliokwisha kuwaka. Sabato hairuhusu hata hilo, na pia hairuhusiwi kuandaa siku ya kwanza kwa ajili ya ya pili. Maana yake chakula cha Ijumaa usiku na Jumamosi chote kiwe kimeiva kabla ya jua kuchwa, ambalo London siku hiyo huchwa wapata saa moja na dakika ishirini jioni, na mishumaa iwashwe kabla yake. Jumamosi usiku mishumaa ya pili huwashwa baada ya giza kuingia, kutoka mwali uliokuwa ukiwaka tangu Ijumaa. Mshumaa huo wa siku nzima uweke juu ya sinia la bati, mbali na pazia, na usiuache chumba kimoja na bibi aliyelala.

Utamsikia pia akisema, “Chumba hiki kina giza leo,” kisha anyamaze. Hakulaumu uvivu wako; anakudokezea tu. Sheria yake humzuia kumtuma asiye Myahudi amfanyie kazi aliyokatazwa yeye, ingawa kwa mgonjwa mlango ni mpana zaidi. Kaeni na binti Alhamisi, muandike yapi utayafanya kwa hiari yako bila kuulizwa: taa ya msalani, joto la nyumba, kipimo cha sukari. Juu ya yote, hatari ya uhai huondoa katazo lolote. Akizimia, akipooza upande, akishikwa na kifua au sukari ikishuka na asiamke vizuri, piga 999 hapo hapo, Sabato au si Sabato. Kwa sheria yake mwenyewe ungekuwa na kosa usipopiga.

Maamkizi sasa. “Shana tova” yatosha, maana yake mwaka mwema. Ukitaka kuongeza utamu, “shana tova umetuka”. Ijumaa jioni tanguliza “shabat shalom”. Wazee wa Ashkenazi London husema pia “gut yontif”, na ukimjibu hivyo hivyo atacheka. Usiku wa kwanza huombeana waandikwe na kutiwa muhuri katika mwaka mwema, kwa sababu siku hizi huaminiwa kuwa ni za hukumu. Kwa mwanamke mmoja ni “leshana tova tikatevi vetehatemi”. Baada ya siku ya kwanza wengi huacha hilo la kuandikwa, na mpaka mfungo wa Septemba 21 husema “gmar hatima tova”. Hatima hiyo si ngeni kwako: kwa Kiebrania ni kutia muhuri, na shina lake ni ndugu wa lile la Kiarabu lililotupa hatima na hitima. Hata “rosh” ya Rosh Hashana ni ndugu wa rasi. Usimpigie vigelegele vya mwaka mpya wa Januari, ila usimwogope pia. Ni siku nzito yenye chakula kizuri.

Ukipenda kwenda mwenyewe sinagogi siku moja, inawezekana, ila usijitokeze mlangoni tu. Siku hizi kuna walinzi na orodha ya majina, kwa hiyo binti akuandikishe na uchukue kitambulisho. Simu zima kabisa, usipige picha, vaa nguo ya kusitiri. Kwa Waorthodoksi utakaa upande wa wanawake. Ibada huchukua saa nne au tano, na watu huingia na kutoka. Kitabu hufunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Pembe inapopigwa wengi husimama, wote wakiwa kimya, hata watoto, na hakuna anayezungumza katikati ya milio.

Na mnapompigia simu mtu wa pembe, mwombeni aiandike pia ya mwaka ujao. Oktoba 2, 2027 nayo ni Jumamosi, kwa hiyo aje tena Jumapili.